Kikohozi Kinachopita Wiki Tatu

Kikohozi cha mafua kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Kikizidi hapo, magonjwa mawili ya bakteria yachunguzwe: kifaduro na kifua kikuu.

Kifaduro huanza kama mafua. Baada ya wiki moja au mbili, kikohozi huja kwa mikupuo mfululizo, mgonjwa akavuta pumzi kwa mlio, pengine akatapika. Mtu mzima huenda asitoe mlio huo, na mtoto mchanga huenda asikohoe sana bali akakata pumzi na kubadilika rangi kuwa ya bluu. Hiyo ni dharura. Dawa hufaa zaidi zikianza mapema.

Kifua kikuu huenda polepole: homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, wakati mwingine makohozi yenye damu. Makohozi hupimwa maabara, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita. Baadhi ya antibiotiki huweza kupunguza dalili kwa muda na kuchelewesha utambuzi. Kwa hiyo mgonjwa apimwe kabla ya kununua dawa dukani.