Bei mpya kwenye picha nne

Tuseme mwokaji wa keki Dar es Salaam anapandisha keki ya kilo moja kutoka shilingi 35,000 hadi 40,000, na tangazo ataliweka Instagram kama picha nne za kusogeza kwa kidole.

Bei iwe picha ya kwanza: ya zamani, mpya, na tarehe ya kuanza. Wengi hawasogezi hadi mwisho, na mteja akija kushtukia bei wakati wa kulipa, ataona amefichwa. Ile tabia ya "bei njoo inboksi" hapa ndiyo inayoharibu kabisa.

Picha ya pili ni ya sababu, na hapa ndipo wengi hukwepa kwa kusema "hali ya uchumi". Mwokaji wetu apige hesabu ya keki moja: mayai yameongeza 1,200, siagi 1,800, gesi na boksi 1,200. Jumla ni 4,200. Mbona basi ameongeza 5,000? Aseme wazi kwamba 800 iliyobaki ni ya msaidizi aliyemwajiri. Asipoisema, mteja anayejua bei ya trei ya mayai ataigundua mwenyewe, na maoni yatachafuka.

Ya tatu itaje kisichobadilika, mfano ukubwa wa keki.

Shukrani zikae ya nne, zikiwa na kitu mkononi: aliyekwisha kulipa kianzio anamalizia kwa bei ya zamani, hata kama sherehe yake ni mwezi ujao.