"Of" haiongezi heshima kwenye tarehe

Kila ninapofundisha uandishi wa barua pepe za Kiingereza za ofisini, swali ni lile lile: je, "the 3rd of June" si ndiyo tarehe rasmi, na "3 June" ni ya kumwandikia rafiki? Hapana. Imani hii inawaharibia kazi watu wenye Kiingereza kizuri kabisa, na inarithishwa kutoka kwa karani hadi karani kana kwamba ni kanuni.

Ilikotoka si vigumu kukisia. Hati za viapo na mikataba yetu ya Kiingereza hufungwa kwa maneno kama "Dated at Dar es Salaam this 3rd day of June". Hayo ni maneno ya wanasheria, yana mahali pake na yabaki hukohuko. Mtu akiyaona chini ya muhuri huamua kwamba urefu wake ndio adabu, kisha anayahamishia kwenye barua pepe ya kuomba risiti. Waingereza wenyewe kwa kawaida huandika "3 June" na kusoma "the third of June". Yale "the" na "of" yanatamkwa tu, hayahitaji kuandikwa. Mwongozo wa uandishi wa GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, unataka "3 June" bila mkia wowote wa "st", "nd", "rd" au "th". Jarida la The Economist ndilo linalopenda mkia, nalo huandika "June 3rd", bila "of". Anayesema urasmi umo ndani ya "of" anionyeshe kanuni aliyoisoma.

Ubaya wa umbo refu ni kwamba lina viungo vitatu visivyotengana: "the" mbele, mkia kwenye tarakimu, na "of" kabla ya mwezi. Ukiweka "of" ukaacha "the", sentensi ina kasoro. Tazama barua pepe hii ya mfano, yenye makosa ninayokutana nayo daima:

```
Thank you for your email of 2th June. The meeting will be
held on 13rd of June and documents should reach us by
June the 23th.
```

Tarehe tatu, maumbo matatu, na mikia yote mitatu ni makosa. 2 huchukua "nd". 23 huishia na 3, kwa hiyo ni "23rd". 13 nayo huishia na 3, lakini 11, 12 na 13 hazifuati mkondo huo: zote huchukua "th". Zaidi ya hapo, "on 13rd of June" imekosa "the", na "June the 23th" ni mtindo wa mazungumzo uliopachikwa mwishoni. Msomaji anayeona maumbo matatu katika mistari mitatu atadhani sentensi zimenakiliwa kutoka barua tofauti, na ataanza kujiuliza kama tarehe zenyewe ni za mkutano huu. Sasa andika hivi:

```
Thank you for your email of 2 June. The meeting will be
held on Friday 13 June and documents should reach us by
Monday 23 June.
```

Hakuna mkia wa kukosea. Jina la siku nalo linafanya kazi: ukikosea tarakimu, siku na tarehe hazitalingana, na mpokeaji atakuuliza mapema.

Kuna sababu nyingine ambayo wahasibu wanaijua. Tarehe ikinakiliwa kwenye Excel, "3 June 2025" hutambuliwa kuwa tarehe. "3rd of June 2025" hubaki maandishi matupu, na safu nzima haiwezi kupangwa kwa mfuatano.

Mkia una mahali pake pa lazima: pale mwezi usipotajwa kwa jina, kama "by the 23rd" au "the 23rd of next month". Hapo uandike bila wasiwasi.

Mengine ni ya haraka. Bosi akitaka umbo refu, mpe lote, "the 3rd of June", kuanzia kichwa cha barua pepe hadi mstari wa mwisho. Maneno ya mtu mwingine unayoyanukuu usiyaguse. Word ikiinua mkia juu ya mstari, bonyeza Ctrl+Z papo hapo, au ondoa alama kwenye "Ordinals (1st) with superscript" ndani ya AutoCorrect Options. Usikimbilie 03/06/2025, kwa sababu Mmarekani ataisoma tarehe 6 Machi. Kabla ya kutuma, pitia kila palipo na jina la mwezi, usitazame kingine.

Ofisi isiyo na kanuni iliyoandikwa na ichague "3 June" wiki hii, na impe kanuni hiyo kila anayejibu barua pepe kwa niaba yake.