Franka za dawa hazikurudi? Soma sababu

Mutumikaji, ulinunua dawa ya mtoto kwa mfuko wako, ukapeleka karatasi ku ofisi, na sasa jibu limefika. Usitazame hesabu ya franka tu. Tazama mstari wa sababu.

Tuseme uliomba franka 60 000: dawa 45 000, maziwa ya kopo 15 000. Maziwa yamekatwa kwani si dawa. Hapo hakuna maneno. Lakini mbele ya dawa wameandika: «mgonjwa hayuko katika jamaa». Karani hakuchukii. Mtoto wako amezaliwa, lakini jina lake halijaandikwa katika karatasi zako za kazi. Kuleta risiti ile ile mara ya pili hakutasaidia kitu.

Nenda kwanza komini, ku biro ya kuandikisha vizazi. Sheria inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, utahitaji hukumu ya tribinali, na njia ile ni ndefu. Cheti kikitoka, peleka kopi kwa ofisi ya watumikaji, ndipo urudishe risiti pamoja na karatasi ya muganga yenye tarehe na muhuri. Uulize palepale kama dawa iliyonunuliwa mbele ya kuandikishwa italipwa. Nawe mama, risiti ya kwanza usiitupe.