Kababu Inayomeguka Karaini

Kababu ikianza kupasuka kwenye mafuta, wapishi wengi hukimbilia yai. Wanavunja la pili, wakiona bado wanavunja la tatu, mpaka nyama inalegea kama uji mzito na haikubali hata kufinyangwa. Kosa si la yai, ila limepewa kazi isiyo yake. Karibu robo tatu ya yai bichi ni maji, na yai halishiki kitu mpaka liganda kwa moto. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga yai moja linatosha, na wako wanaopika kababu nzuri bila yai hata moja.

Gundi ya kababu imo ndani ya nyama yenyewe. Kuna protini iitwayo miosini ambayo ikikutana na chumvi hutoka kwenye nyuzi za nyama, na ikikandwa inanata. Ikipata moto inaganda, na chembe zote za nyama zinashikana. Ndiyo maana chumvi huingia mwanzo, kabla ya yai, mkate na majani. Kwa nusu kilo hiyo, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha. Nyama iwe imetoka kwenye friji, kwa sababu ikipata joto shahamu yake inalainika na kuzipaka chembe, zikateleza badala ya kushikana. Ikandwe kwa mkono kama unga wa chapati kwa dakika 3 au 4.

Dalili ya kuiva kwa kazi hiyo haihitaji saa. Nyama inaacha kuonekana chengachenga, inaanza kuvutika na kung'ang'ania vidoleni. Bandika donge dogo kwenye kiganja, kisha kigeuze kitazame chini. Likibaki limenata, endelea. Likidondoka, rudi kukanda. (Kwa baga ushauri huu haufai: nyama yake ikikandwa na chumvi hivi inakuwa ngumu kama soseji, ndiyo maana wapishi wa baga huinyunyizia chumvi juu, karibu na kuichoma.)

Adui wa pili ni maji, na mengi huletwa na kitunguu. Karibu sehemu 9 kati ya 10 za kitunguu ni maji, na kikishakwaruzwa au kusagwa mengi yanatoka. Kitie chumvi kidogo uliyoipunguza kwenye kile kijiko, kiache dakika chache, kisha kikamue kwa kitambaa safi mpaka kisidondoke tena. Kotmiri, ambayo Mombasa huitwa dania, ikaushwe baada ya kuoshwa. Nyama iliyotoka kugandishwa nayo imwagwe majimaji yake. Slesi mbili za mkate zilizolowekwa zinasaidia kababu ibaki laini, lakini nazo zikamuliwe, la sivyo ni kurudisha maji yaleyale kwa mlango wa nyuma. Maji yakizidi, karai lenyewe linasema: mafuta yanarusha matone kwa fujo, na mvuke unaotafuta njia unaipasua kababu kutoka ndani.

Kuna kosa jingine ambalo humchanganya hata mzoefu. Papai bichi, linalosifiwa kwa kulainisha mishkaki, lina kimeng'enya kinachokatakata protini, pamoja na ile miosini inayotegemewa kushikisha. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya cha namna hiyo. Kwenye kipande cha nyama hilo ni jambo jema. Nyama iliyosagwa tayari imelainika, hivyo ikilala na papai usiku kucha inaamka kama rojo. Papai liachwe kabisa, na tangawizi itiwe mwishoni, karibu na kukaanga.

Kababu zilizofinyangwa zikae kwenye friji nusu saa, halafu ikaangwe moja peke yake, ya kuonjea chumvi na kujaribia. Mafuta yawe na moto wa kutosha: kipande cha mkate kikitupwa kiibuke na kuchemka pembeni papo hapo. Baada ya hapo mwiko ukae mbali. Kababu mwanzoni hushika chini ya karai, na anayeigeuza wakati huo anaimega kwa mkono wake. Ikishafanya ganda la kahawia inaachia yenyewe. Zisijazwe nyingi kwa mara moja, kwani mafuta yanapoa na kababu zinachemka kwenye majimaji yake.

Ile ya majaribio ikimeguka bado kuna nafasi. Kama tatizo ni maji, ongeza chenga za mkate vijiko viwili vya chakula, kanda tena, rudisha kwenye friji. Kama ni papai, hakuna kitakachoishikisha tena. Nyama hiyo ikaangwe ikiwa imevurugika vivyo hivyo, mpaka ikauke, na jioni itiwe kwenye manda za sambusa.