Bando Lipo, Waifai Ipo, Tovuti Hazifunguki

Muuza vitenge anayetegemea simu kupata wateja anaamka asubuhi na kukuta hakuna tovuti inayofunguka. Anadhani bando limeisha, ananunua jingine, hali ni ileile. Anaingia waifai ya jirani, nako hakuna kitu, ingawa simu ya jirani mwenyewe inacheza video bila kukwama. Lakini akipiga simu inaita, meseji za kawaida zinakwenda, hata menyu ya kutuma pesa inafunguka. Anazima simu na kuiwasha, anahamisha laini, na hakuna kinachobadilika.

Dalili hizo zikikutana, laini na ruta hazina kosa. Waifai na data ni njia mbili tofauti kabisa, na si kawaida zife pamoja kwenye simu moja huku simu nyingine zikiendelea. Kosa liko mahali ambapo njia zote mbili hupitia, yaani ndani ya simu yenyewe.

Mahali penyewe mara nyingi ni mpangilio unaoitwa Private DNS, ulioletwa na Android 9 mwaka 2018. Simu haiwezi kufungua tovuti kwa jina tu. Lazima kwanza iulize seva ya DNS jina hilo lina anwani gani ya namba. Zamani swali hilo lilikwenda wazi, na mwenye mtandao aliweza kusoma kila jina unalouliza. Private DNS hulifunga swali kwa usimbaji na kulipitisha kwenye mlango namba 853 wa seva.

Mpangilio huo una chaguo tatu. La kwanza ni kuzima. La pili, ambalo simu nyingi huja nalo, ni otomatiki: simu hujaribu usimbaji, na ikishindikana huuliza kwa njia ya zamani. La tatu ni kuandika mwenyewe jina la seva unayoitaka, na hapo simu haina tena njia ya kando. Ikishindwa kuifikia seva hiyo, haiulizi kwingine. Watu huona huu ni ukaidi, lakini mimi naona simu iko sahihi. Kama ingerudi kimyakimya kwenye njia ya wazi, yeyote anayetaka kukuchungulia angefunga tu mlango wa 853 na kusoma kila kitu, nawe ukiamini umelindwa.

Muuza vitenge wetu alikuwa ameambiwa kwamba akiandika `dns.adguard-dns.com` matangazo yatapungua. Ni kweli, seva hiyo ipo na inafanya hivyo. Yeye aliandika `dns.adgaurd-dns.com`, herufi mbili zikabadilishana nafasi. Simu ilikubali kuhifadhi, kwa sababu wakati wa kuhifadhi inachoangalia ni kama maandishi yana umbo la jina. Ndiyo maana ukiandika `8.8.8.8` inakataa, lakini jina lililokosewa linapita. Hata jina la tovuti halisi isiyotoa huduma hii linapita, kisha linakwama baadaye, kwa kuwa seva lazima ijibu kwenye mlango ule na ionyeshe cheti chenye jina lilelile uliloandika.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Andika `https://1.1.1.1/cdn-cgi/trace` kwenye brauza. Hiyo ni anwani ya namba, haihitaji kuulizwa jina. Ukurasa ukifunguka huku tovuti nyingine zote zikigoma, intaneti unayo. Kinachokosekana ni majibu ya majina. Mara nyingi pia simu huonyesha ujumbe kuwa seva ya DNS ya faragha haifikiki, ila wengi huufuta bila kuusoma.

Fungua mipangilio, andika DNS kwenye kisanduku cha kutafutia, maana kila kampuni ya simu huuficha mahali pake. Kwenye Samsung uko chini ya Connections, kisha More connection settings. Chagua otomatiki, hifadhi, na tovuti zitaanza kufunguka papo hapo. Ukiitaka seva yako, andika jina upya, herufi kwa herufi, bila `https://` mbele na bila mkwaju.

Tahadhari moja: kama tovuti zinagoma kwenye waifai ya ofisini tu na data inafanya kazi, huenda jina uliloandika ni sahihi na ofisi ndiyo iliyofunga mlango wa 853. Hapo kusahihisha herufi hakutasaidia. Rudi kwenye otomatiki ukiwa kazini.

Fundi atakayekuambia simu iflashiwe ataonekana bingwa, kwa sababu kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani hufuta mpangilio huu pia, na intaneti inarudi. Hufuta na picha zako zote. Angalia Private DNS kwanza, kabla hujamkabidhi simu.