Ndege Ikichelewa, Barua Iandikwe Hivi

Barua nyingi za malalamiko kwa mashirika ya ndege hushindwa kwa sababu moja: zinaeleza hasira kwa kurasa mbili na deni kwa mstari mmoja. Afisa anayezipokea hutafuta namba ya tiketi, saa na risiti. Asipoviona, anajibu kwa pole na kufunga faili.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amekata tiketi moja kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Nairobi. Ndege ya Dar ilipaswa kuondoka saa 8:00 mchana, ikaondoka saa 1:50 usiku. Alipotua Nairobi saa 3:15, ndege ya Guangzhou ilikuwa imeruka tangu saa 2:30. Kaunta ikampa nafasi ya kesho yake usiku, bila hoteli wala chakula. Alilipa shilingi za Kenya 8,500 za chumba, 2,300 za chakula na 3,600 za teksi kwenda na kurudi. Huko Guangzhou akapoteza dola 40 za chumba alichokuwa amekilipia.

Nguvu ya dai lake imo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania, Kenya na China zote zimeuridhia. Ibara ya 19 inasema shirika linawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua hatua zote za busara kuizuia, au kwamba hazikuwezekana. Anayetakiwa kuthibitisha hapo ni shirika. Abiria yeye anathibitisha hasara tu.

Kwa hiyo barua iandikwe kwa shirika lililorusha kipande kilichochelewa, hata kama tiketi iliuzwa na wakala au shirika lingine. Na saa ziandikwe kama zilivyo kwenye tiketi, 14:00 na 19:50, kwa kuwa msomaji wake huenda yuko ofisi ambayo haijui kuhesabu saa kwa Kiswahili. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

“Nilisafiri kwa tiketi namba (…) tarehe (…). Ndege yenu ya Dar es Salaam–Nairobi, iliyopangwa kuondoka 14:00, iliondoka 19:50. Kwa sababu hiyo nilikosa ndege ya 20:30 iliyokuwa kwenye tiketi hiyohiyo, nikafika Guangzhou siku moja baadaye. Kwa mujibu wa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Montreal, nadai mnirudishie shilingi za Kenya 14,400 na dola za Marekani 40, kama risiti zilizoambatishwa zinavyoonyesha. Iwapo mnakataa, nielezeni kwa maandishi hitilafu ilikuwa nini, iligunduliwa saa ngapi, na ni hatua gani mlichukua ili nisikose ndege ya pili. Natarajia jibu ndani ya siku 30.”

Sentensi ya hitilafu ndiyo yenye meno. Jibu la kawaida ni “sababu za kiufundi zilizo nje ya uwezo wetu,” na wengi huishia hapo. Lakini ndege kuharibika si utetezi peke yake. Shirika bado linapaswa kuonyesha lilifanya nini: je, lilitafuta ndege nyingine, au nafasi kwa shirika jingine usiku uleule? Ukungu mzito uliofunga uwanja ni jambo jingine, na hapo dai huwa dhaifu.

Mambo mawili hupunguza dai. La kwanza ni tiketi mbili zilizonunuliwa kila moja peke yake: shirika la kwanza litasema halikujua kwamba una safari ya pili, na utabishana nalo kwa shida. La pili ni kudai uchungu wa moyo au faida ya biashara iliyokuwa bado ndoto. Mkataba unalipa hasara iliyothibitishwa, tena kwa kikomo. Kwa kuchelewa kwa abiria, tangu mwisho wa 2024 ni SDR 6,303, kipimo cha fedha cha IMF, kiasi ambacho ni zaidi ya dola 8,000. Gharama za usiku mmoja Nairobi hazikifikii kikomo hicho hata kwa mbali.

Ukipewa vocha, soma karatasi kabla ya kusaini. Mara nyingi chini yake pana maneno kwamba umeridhika na huna dai tena.

Kimya kikizidi siku 30, peleka nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Ila usiache kuangalia kalenda. Haki ya kufungua kesi hufa miaka 2 baada ya siku uliyofika, au uliyopaswa kufika, na barua pepe za “tunalishughulikia suala lako,” hata zikiwa ishirini, hazisimamishi muda huo.