Saa Mbili za Kunyonyesha, na Barua ya Kuziomba

Likizo ya uzazi Tanzania Bara ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Mama anarudi kazini mtoto akiwa hajatimiza hata miezi mitatu, na kliniki ilishamwambia asimpe chochote zaidi ya maziwa ya mama mpaka afikishe miezi sita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikumwacha hivi hivi. Kifungu cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kumlisha mtoto ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Haki ipo, ila kifungu hakisemi saa hizo zichukuliwe asubuhi au jioni, kwa mkupuo au kwa vipande. Ukikisoma utadhani mtoto yuko chumba cha pili na dada atamleta akilia. Mama anayeishi Chanika na kufanya kazi Posta hawezi kwenda kunyonyesha na kurudi. Kwake saa hizo zina maana zikigeuzwa kuwa siku fupi ya kazi, na hilo lazima aliombe kwa mkuu wake wa kitengo.

Wengi huomba kutoka saa mbili mapema, basi. Tupige hesabu. Ofisi inaanza saa 2:00 asubuhi hadi 11:00 jioni, na saa moja ya chakula saa 7:00. Mama huyu anaondoka nyumbani saa 11:30 alfajiri. Akitoka kazini saa 9:00 alasiri, anaweza kufika kwake saa 11:00 jioni, kama foleni imemhurumia. Hizo ni karibu saa 12 bila mtoto kunyonya. Mtoto wa umri huo hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu. Titi lisipotolewa maziwa kwa muda mrefu hujaa, huuma, linaweza kuziba na kupata homa. Siku zikienda hivyo, mwili hupunguza kutengeneza maziwa, kwa kuwa hutengeneza kadiri yanavyotoka.

Kwa hiyo ni heri azigawe: nusu saa ya kukamua saa 4:30 asubuhi, akamue tena wakati wa chakula, kisha atoke saa 9:30 badala ya 11:00. Jumla ni saa mbili zile zile. Maziwa yanaingia kwenye friji ya ofisi, ambamo hukaa hadi siku nne. Nje ya friji, kwenye nyuzi 25, ni saa nne tu, na Dar ina joto kuliko hapo. Kifungu kinataja kumlisha mtoto, hakitaji kukamua, na bosi mwenye kupenda herufi anaweza kulishikilia hilo. Ndiyo maana kukamua kunaandikwa waziwazi.

Barua yenyewe haihitaji kurasa mbili:

*Yah: Ombi la kupunguziwa saa za kazi ili kunyonyesha*

*Likizo yangu ya uzazi inaisha tarehe 14, nami nitaripoti kazini tarehe 15. Kwa kuzingatia kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, naomba saa mbili za kunyonyesha zipangwe hivi: dakika 30 za kukamua maziwa kuanzia saa 4:30 asubuhi, na kutoka saa 9:30 alasiri, bila kuathiri mshahara wala saa ya chakula. Naomba mpangilio huu udumu hadi mtoto atimize mwaka mmoja, na tuupitie atakapofika miezi sita. Hati za malipo za kila siku nitazikamilisha kabla ya saa 9:00; wiki ya kufunga hesabu naomba tukae tupange mapema.*

Sentensi ya mwisho ndiyo mkuu wa kitengo ataisoma mara mbili, maana swali lake ni moja: kazi ya jioni ataifanya nani? Ukimjibu kabla hajauliza, umempunguzia sababu ya kukataa. Ipeleke wiki mbili au tatu kabla ya kurudi, na nakala iende kwa ofisa rasilimali watu.

Nakala hiyo si mapambo. Makubaliano ya mdomo huvunjikia kwenye mashine ya alama za vidole: bosi amesema sawa, mashine inaandika umetoka saa moja na nusu kabla ya muda, na mwisho wa mwezi mshahara umekatwa. Omba jibu la maandishi, kisha hakikisha ratiba yako imebadilishwa kwenye mfumo. Pia angalia saa ya chakula isije ikahesabiwa ndani ya zile mbili. Mapumziko hayo ni haki nyingine, ya yeyote anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo.

Akikataa, anza na tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Ikishindikana, mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipoanza, na barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayoonyesha uliomba nini na lini.